Nyumba ya Tisa na Mshtarii: mbona apu moja inakupa safari na nyingine inakunyima

Tangu sayari ya Mshtarii iingie kwenye burji ya Kaa, Juni 9, 2025, magrupu ya nyota hayajapoa. Posti moja inasema watu wa Nge wafungashe mabegi maana mpaka Juni 30, 2026 nyumba yao ya tisa ina mgeni mkubwa, viza zitatoka, skolaship zitatoka, kila kitu kitatoka. Unashuka kidogo tu unakuta posti nyingine, nayo imejaa uhakika, inasema hapana, Mshtarii iliingia Mapacha katikati ya Mei 2025 kwa hiyo wenye safari ni watu wa Mizani. Huku chini kwenye komenti mtu anauliza, jamani mimi ni Nge lakini nina Mizani pia, sasa niombe pasipoti au nisubiri?

Swali la haki kabisa. Na jibu lake sio kwamba mmoja wao ni mwongo, shida ni kwamba watu wanatumia maneno mamoja kwa mahesabu mawili tofauti na wasomaji hawaambiwi. Basi tuanze chini kabisa.

Chati ya nyota ni picha ya anga kwa dakika uliyozaliwa, ukiwa umesimama pale ulipozaliwa. Ina vitu vitatu vya kujua. Kwanza kuna burji kumi na mbili, hizi za Kondoo, Ng'ombe, Mapacha mpaka Samaki, ambazo ni mgawanyo wa njia ya jua angani. Pili kuna sayari zinazotembea humo, na kwa wanajimu jua na mwezi nao wanahesabiwa sayari. Tatu kuna nyumba kumi na mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu nyumba hazitokani na mwezi uliozaliwa, zinatokana na saa. Unaangalia ni burji gani ilikuwa inachomoza mashariki wakati ule, hiyo inakuwa nyumba ya kwanza, inayofuata ya pili, unahesabu hivyo hivyo mpaka ya tisa. Burji inayochomoza inabadilika kila baada ya masaa mawili hivi. Kwa hiyo posti inayosema "Nge, nyumba yako ya tisa" inaongea na mtu ambaye Nge ilikuwa *inachomoza* alipozaliwa, haiongei na kila aliyezaliwa Novemba. Wengi wanaoishea hawalijui hilo.

Nyumba ya tisa imepewa safari za mbali, elimu ya juu, dini na imani, sheria, na watu wa mataifa mengine. Ukiiangalia haraka ni kapu la vitu visivyohusiana, ila kuna uzi. Wanajimu wa Kigiriki wa zamani, karibu miaka elfu mbili nyuma, waliita sehemu hii ya anga mahali pa Mungu, na wakasema jua linafurahia kukaa hapo. Ni kipande cha anga ambacho jua linapita likishavuka utosi, yaani kwetu huku karibu na ikweta ni kama saa sita mchana mpaka saa nane. Ng'ambo yake ni nyumba ya tatu, yenye safari fupi, ndugu, majirani na masomo ya mwanzo. Ukiziweka pamoja unaelewa: ya tatu ni kile unachokijua kwa sababu kiko karibu na wewe, ya tisa ni kile ambacho lazima utoke ulipo ndio ukijue, iwe kwa meli, kwa chuo au kwa ibada. Kwenda Tanga kumsalimia shangazi ni ya tatu. Kwenda Makka kuhiji ni ya tisa, na nadhani hakuna mfano mzuri kuliko huo, maana safari, dini na elimu vyote vimo mle mle.

Mshtarii, wengine wanaandika Jupita, ndiyo sayari ambayo kwa asili inabeba mambo hayo hayo. Wahindi wanaiita Guru. Kwenye vitabu vya zamani ni sayari ya makadhi, wanazuoni, wenye hekima na neema ya kupanuka. Inazunguka jua kwa karibu miaka 12, kwa hiyo kila burji inakaa mwaka hivi, na kila mwaka kuna kama miezi minne inaonekana inarudi nyuma. Shika hiyo miaka 12, tutaihitaji.

Sasa nije kwenye kosa la kwanza ambalo naliona kila wiki. Mtu anafungua chati, anakuta nyumba ya tisa haina kitu ndani, anaandika "mimi sina safari". Hebu fikiria nyumba ya kupanga. Sayari iliyokaa ndani ni mpangaji, na wapangaji wanakuja au hawaji. Lakini kila nyumba ina mwenye nyumba, awepo mpangaji asiwepo, na mwenye nyumba mara nyingi anaishi mtaa mwingine. Mwenye nyumba ni sayari inayotawala burji ya nyumba hiyo: kama ya tisa yako ni Mizani mwenyewe ni Zuhura, kama ni Mashuke mwenyewe ni Utaridi, kama ni Mshale au Samaki basi mwenyewe ni Mshtarii. Unaenda kumtafuta anaishi wapi, na huko ndiko habari ya safari zako inakopatikana. Tena hesabu tu yenyewe inakukatalia huo woga: sayari za asili ni saba, nyumba ni kumi na mbili, kwa hiyo kila binadamu ana angalau nyumba tano tupu. Hakuna chati iliyojaa.

Kwa hiyo msomaji wa chati anayejua kazi anapoulizwa habari za ng'ambo anaangalia vitu vinne, na kwa mpangilio huu: burji ya nyumba ya tisa, mwenye nyumba yuko wapi na ana hali gani, kuna mpangaji au hakuna, halafu ndio Mshtarii imekaa wapi. Mshtarii ni shahidi wa nne, sio hakimu. Posti nyingi zinaanzia kwake na kuishia kwake kwa sababu ndiye rahisi kumwona.

Na kuna la tano ambalo nalo linasahaulika: kusafiri na kuhamia sio kitu kimoja. Nyumba ya tisa ni safari na kinachokufundisha huko. Kuishi ng'ambo, kukaa mbali na kwenu miaka, hasa kwenye unajimu wa Kihindi, kunasomwa zaidi kwenye nyumba ya kumi na mbili, ambayo pia ni nyumba ya gharama, upweke na kutoonekana. Na nyumba ya nne, ambayo ni kwenu, inaangaliwa imeguswa vipi. Ndio maana dada aliyeenda kufanya kazi za ndani Ghuba kwa mkataba anaweza kuwa na ya tisa ya kawaida kabisa na ya kumi na mbili yenye kelele, na mwanafunzi aliyeenda miaka miwili akarudi na shahada akawa kinyume chake. Anayekwambia "utaenda Ulaya" bila kutofautisha hizo mbili hajasoma chati, amesoma hamu yako.

Tuchukue chati ya mtu ambaye saa yake ya kuzaliwa iko kwenye cheti kilichowekwa hadharani: Barack Obama. Alizaliwa Agosti 4, 1961, Honolulu, saa moja na dakika 24 usiku. Baba yake ni Mkenya aliyefika Hawaii 1959 kusoma chuo kikuu, yeye mwenyewe aliishi Indonesia akiwa mtoto, akasoma Columbia na baadaye sheria Harvard. Kama kuna maisha ya nyumba ya tisa basi ni haya, kwa hiyo ngoja tuone chati inasemaje.

Kwa njia ya Kizungu, iliyokuwa inachomoza ni Ndoo, nyuzi 18. Ukihesabu kutoka Ndoo, ya tisa ni Mizani. Mwenye nyumba ni Zuhura, na Zuhura iko Kaa, ambayo kwake ni nyumba ya sita, nyumba ya kazi ya jasho na utumishi. Mshtarii iko mwanzo kabisa wa Ndoo, haijafika hata nyuzi moja. Sasa hapo pana mgogoro: kama unahesabu burji nzima kuwa nyumba moja, Mshtarii iko nyumba ya kwanza, mwilini mwake kabisa. Kama unatumia ule mgawanyo ambao apu nyingi zinao, wa kuanzia nyumba pale pale nyuzi 18 zilipo, Mshtarii inaangukia nyuma ya mstari, nyumba ya kumi na mbili. Mtu mmoja, sayari moja, tayari tuna majibu mawili na hatujatoka kwa Wazungu.

Kwa njia ya Kihindi kila kitu kinarudi nyuma kama nyuzi 23. Sababu ni kwamba Wazungu wanaanza kuhesabu burji kutoka pale jua lilipo siku ya Machi ambayo usiku na mchana vinalingana, Wahindi wanahesabu kutoka kwa nyota zenyewe zilipo angani, na mianzo hiyo miwili imeachana polepole kwa karne nyingi, siku hizi ni nyuzi 24 hivi. Hapo Obama anakuwa na Mbuzi inachomoza, ya tisa inakuwa Mashuke, mwenye nyumba ni Utaridi, naye anaishi nyumba ya saba ya ndoa na mikataba. Mshtarii inabaki nyumba ya kwanza lakini sasa iko ndani ya Mbuzi, burji ambayo kwa kanuni ndipo inapodhoofika kuliko kote, wakati kwenye Kaa ndiko inakotukuka.

Umeona sasa kwa nini zile posti mbili zinagombana? Ni mwachano huo huo. Mshtarii iliyo Kaa kwa hesabu moja ipo Mapacha kwa hesabu nyingine, na kila hesabu ina watu wake wa kuwapigia simu. Cha kufanya ni kuchagua moja ubaki nayo. Kuchukua burji inayochomoza kutoka apu ya Kizungu halafu kusoma utabiri wa Mhindi ni sawa na kutoisoma kabisa, na ndicho alichokuwa anafanya yule wa Nge na Mizani, maana karibu kila mtu aliye Nge huku atatokea Mizani kule.

Turudi kwa Obama tuone mambo yalikuja lini. Kuna mbinu ya zamani sana ambayo haihitaji hata apu: kila mwaka wa umri unapewa nyumba moja. Ukizaliwa mpaka birthday ya kwanza ni nyumba ya kwanza, ukiwa na mwaka mmoja ni ya pili, hivyo hivyo. Nyumba ya tisa inakujia ukiwa na miaka 8, 20, 32, 44, 56. Obama alitimiza 20 Agosti 1981, na mwaka huo huo ndio alihamia Columbia New York, na mwaka huo huo alisafiri mpaka Indonesia na Pakistan. Na Mshtarii angani kwa hesabu ya Kizungu ilikuwa Mizani, nyumba yake ya tisa, mpaka Novemba 1981. Mwanajimu akifika hapa anapiga meza.

Mimi nasema subiri kidogo. Kwanza hao sio mashahidi wawili. Mshtarii yake ilianza kwenye burji ile ile inayochomoza, inatembea burji moja kwa mwaka, na mbinu ya umri nayo inatembea nyumba moja kwa mwaka, kwa hiyo kwake yeye zinakwenda sambamba karibu maisha yote ya ujana. Ni shahidi mmoja kavaa kofia mbili. Pili, alihamia Indonesia 1967 akiwa na miaka sita, huo ni mwaka wa nyumba ya saba. Aliingia Harvard 1988 akiwa na 27, ambao ni mwaka wa nyumba ya nne, ya kwao na wazazi. Hizo ndizo safari na elimu kubwa kuliko zote na zimepita pembeni. Mtetezi atakwambia safari ya 1967 ilitokana na ndoa ya mama, ndio ya saba hiyo, na Harvard ni kumtafuta baba. Inawezekana, lakini ukiruhusu hivyo basi kila mwaka utafaa kwa kila jambo.

Na hapa nisizunguke. Jaribio linalotajwa sana lilichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1985, la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati ya mtu na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yake ni ipi. Walipatia kama mara moja kwa tatu, ambacho ndicho ungepata kwa kubahatisha. Hilo halizuii mtu kutumia lugha ya nyumba na sayari kujifikiria, mimi naipenda, lakini kuitumia kupanga pesa ya tiketi ni jambo lingine. Wapo pia ambao dini yao inawakataza kabisa, nao hawahitaji kubembelezwa.

Kuna kosa moja la kwetu wenyewe ambalo vitabu vya nje haviliandiki, na nadhani linaharibu chati nyingi kuliko mengine yote. Saa ya Kiswahili. Mama anakwambia ulizaliwa saa mbili asubuhi, unafungua apu unaandika 2:00 AM. Mama alimaanisha 8:00 AM. Umekosea masaa sita, anga imezunguka robo, na burji inayochomoza imeruka kama tatu. Tuseme kweli yako ilikuwa Mizani, ya tisa yako ni Mapacha na mwenye nyumba ni Utaridi. Kwa kosa hilo apu inakupa Kaa, ya tisa inakuwa Samaki, na mwenye nyumba anakuwa Mshtarii mwenyewe! Unatoka hapo unatembea kifua mbele eti nyota yangu ni ya ng'ambo, kumbe ni nyota ya kidole.

Kujikagua ni rahisi na hakuhitaji utaalamu. Kwenye chati ya duara kuna mstari wa katikati kutoka kushoto kwenda kulia, huo ni upeo wa macho, na kushoto ni mashariki. Tafuta alama ya jua, duara lenye nukta. Kama ulizaliwa asubuhi jua likiwa limeshatoka, lazima liwe juu ya mstari upande wa kushoto. Mchana wa saa saba liko juu, limeelekea kulia kidogo, ndani ya nyumba ya tisa au jirani yake. Ulizaliwa usiku, lazima liwe chini. Kwa Obama saa moja na dakika 24 jua limetoka tu kuzama, na kweli kwenye chati yake liko kulia, chini kidogo tu ya mstari. Kama lako linaonekana usiku wa manane na mama anasema kulikuwa kumekucha, rudi ubadilishe saa kabla hujasoma neno lingine lolote.

Wasiojua saa kabisa, na ni wengi, hawana nyumba ya tisa ya kusoma. Wanaweza kujua Mshtarii yao ilikuwa burji gani kwa sababu inakaa mwaka hivi, ila hiyo wanashea na darasa zima la waliozaliwa mwaka ule, waliosafiri na wasiosafiri.

Na wale wanaotoza hela "kukufungulia nyota ya safari", muulize swali moja tu la fani yake mwenyewe. Chati ni picha ya dakika iliyopita, haisogei tena, na Mshtarii itaingia nyumba yako ya tisa mara moja kila miaka 12 ulipe usilipe. Sasa anafungua nini?